Waliothibitisha Si Waliofika: Dhana Potofu Kuhusu Mialiko ya Warsha

Ukumbi ukibaki na viti vitupu, lawama huwaangukia waalikwa. Watu hawana adabu siku hizi, wanasema watakuja halafu hawatokei. Wapo wa namna hiyo, sikatai. Lakini mara nyingi ukiisoma upya barua waliyotumiwa, unakuta haikuwapa njia ya kuamua wala njia rahisi ya kujibu. Anayeandaa warsha huandika mwaliko kama tangazo, kumbe anayeupokea anausoma akijiuliza maswali mawili tu: hili linanihusu, na je, nitaweza kufika?

Tuchukue mfano mmoja tuende nao mpaka mwisho. Ni warsha ya nusu siku ya utunzaji wa hesabu kwa wenye biashara ndogo. Ukumbi una viti 40, kuna chai na chakula cha mchana, na siku ni Alhamisi, tarehe 14 Mei 2026.

Dhana: Kichwa cha warsha kinatosha kueleza lengo

Barua nyingi huandikwa "YAH: MWALIKO WA WARSHA YA KUJENGA UWEZO KWA WAJASIRIAMALI", kisha zinaingia moja kwa moja kwenye tarehe. Uwezo gani? Mjasiriamali wa aina gani? Fundi seremala mwenye msaidizi mmoja na mwenye duka la jumla lenye wafanyakazi kumi wote ni wajasiriamali, na hesabu zao hazifanani hata kidogo.

Lengo linalofanya kazi linasema mambo mawili: mshiriki ataondoka na nini, na nani hasa anayetakiwa. Kwa mfano wetu lingekuwa hivi: "Warsha hii ni ya wenye biashara wanaoandika mauzo kwenye daftari. Mshiriki atajifunza kutenganisha fedha za biashara na za nyumbani, na kufunga hesabu za mwezi mmoja hapohapo ukumbini. Tafadhali njoo na daftari la mauzo na matumizi ya mwezi uliopita."

Sentensi hiyo ya mwisho inafanya kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Asiye na daftari anajua mapema kwamba atapaswa kujiandaa, na anayetumia programu ya kompyuta anatambua kuwa hapa si pake. Ni afadhali ajitoe akiwa nyumbani kuliko asinzie mstari wa nyuma.

Ukialika taasisi badala ya mtu, taja cheo au kazi ya unayemtaka: "mtunza fedha au msaidizi wake". Barua inayosema "mwakilishi mmoja" huleta yeyote ambaye siku hiyo hakuwa na kazi nyingi mezani.

Dhana: Tarehe ni tarehe, kila mtu ataielewa

Andika 5/6/2026 uone. Wengi wetu tutaisoma tarehe 5 Juni, lakini kuna wanaotanguliza mwezi, na kwao hiyo ni tarehe 6 Mei. Kwa hiyo mwezi uandikwe kwa jina, na siku ya juma iambatane nayo. Siku ya juma si pambo. Ni kipimo cha kukagua tarehe: mwandishi akikosea na kuweka 15 Mei mahali pa 14, msomaji makini ataona kuwa 15 ni Ijumaa na atapiga simu kuuliza. Bila siku ya juma, kosa hilo lingepita kimya hadi asubuhi ya warsha.

Saa ina mtego wake. "Saa 3:00 asubuhi" inaeleweka vizuri ukiitamka, ila kalenda ya simu huihesabu kama 09:00. Mwalikwa akiingiza 3:00 kama alivyoisoma, simu itamlilia saa tisa za usiku. Palipo na wageni waliozoea hesabu nyingine ya saa, utata unaongezeka. Dawa ni kuandika zote mbili: "saa 3:00 asubuhi (09:00)". Na usiandike kamwe "saa 9:00" peke yake bila kusema ni usiku au alasiri.

Taja pia saa ya kumaliza. Wengi huiacha, nami huwa sielewi kwa nini, maana mwenye biashara anayefunga duka ili aje anataka kujua atalifungua saa ngapi. Kwetu itakuwa: kufika na kujiandikisha saa 2:30, kuanza saa 3:00 asubuhi, kumaliza saa 7:00 mchana.

Dhana: Ukumbi unajulikana, jina linatosha

Unajulikana kwako. Weka jina la jengo, ghorofa, jina la chumba, barabara, na kitu kinachoonekana karibu na lango. Ukituma alama ya ramani, ikague kwanza: kwa majengo makubwa alama huangukia katikati ya kiwanja, wakati mlango uko upande wa pili. Mpe mtu ambaye hajawahi kufika hapo maelezo yako, halafu msikilize atakavyouliza. Kama kuna ngazi bila lifti, sema, ili mwenye shida ya kutembea ajue mapema au muhamie chumba cha chini.

Dhana: Siku ya mwisho ya kuthibitisha ni yoyote, mradi iwe kabla ya warsha

Hapa ndipo hesabu inapoanzia, na inahesabiwa kurudi nyuma. Swali la kwanza ni hili: nani anasubiri idadi kutoka kwako, na anaitaka lini? Kwa kawaida ni anayepika. Tuseme wa kwetu anataka idadi kamili siku tatu kabla, yaani Jumatatu, 11 Mei. Ukiweka siku ya mwisho ya kuthibitisha iwe hiyohiyo Jumatatu, utakuwa unapokea majibu huku mpishi anakupigia. Kabla yake unahitaji siku mbili za kazi za kuwatafuta waliokaa kimya na kuwapa nafasi walio kwenye orodha ya akiba. Siku hizo ni Alhamisi 7 na Ijumaa 8. Basi mwisho wa kuthibitisha ni Jumatano, 6 Mei, saa 10:00 jioni.

Kumbusho la kwanza litoke Jumatatu, 4 Mei, kwa wasiojibu pekee. Ukiwatumia hata waliokwisha kujibu, watadhani jibu lao halikufika, na utaanza kupokea simu zisizo na sababu. Mwaliko wenyewe utoke Jumanne, 21 Aprili, wiki tatu na siku mbili kabla. Ukituma baada ya hapo katika mwezi huu utagongana na Mei Mosi, ambayo mwaka 2026 inaangukia Ijumaa, na watu wengi watakuwa na mapumziko marefu ya mwisho wa juma.

Kutuma mapema mno nako si salama. Mtu anayealikwa miezi mitatu kabla husema ndiyo kwa urahisi kwa sababu siku hiyo bado ni tupu, na anasahau kwa urahisi uleule. Ikiwa unahitaji kuwahi, kwa mfano kwa ajili ya mgeni rasmi au mwezeshaji anayesafiri, tuma kwanza ujumbe mfupi wa kumwomba atenge tarehe, na mwaliko kamili ufuate baadaye.

Dhana: Asiyejibu haji, aliyejibu atakuja

Kimya kina maana nyingi. Pengine barua haijasomwa, pengine imesomwa na inangoja ruhusa ya mkubwa, pengine mwalikwa hajui kama nauli inalipwa na anaona aibu kuuliza. Hili la gharama lina uzito wake. Andika wazi kama kuhudhuria ni bure, kama kuna nauli, na kama kuna malazi. Jibu likiwa "hapana, hatulipi nauli", lisemwe hivyohivyo kwa adabu. Watakaokuja watakuwa wamejua.

Sababu nyingine ya kimya ni kwamba mwaliko haukuacha mlango wa kukataa. "Tafadhali thibitisha ushiriki wako" inaomba ndiyo peke yake, na asiyeweza kuja anaona heri anyamaze kuliko kuonekana anadharau. Wakati kwa mwandaaji, hapana ya mapema ni kiti cha mtu mwingine. Andika hivi: "Tafadhali jibu kabla ya Jumatano, 6 Mei, saa 10:00 jioni, kwa ujumbe kwenda namba iliyo chini: andika NDIYO au HAPANA, jina lako na jina la biashara." Njia moja, mtu mmoja wa kupokea, na jina lake likiwepo. Ukitoa barua pepe, simu mbili na fomu ya mtandaoni, majibu yatatawanyika na utamhesabu mtu mara mbili.

Wapo pia wanaojibu "nitajitahidi kufika". Mimi huiweka kwenye safu ya labda, nikawapigia siku ya Alhamisi. Vidole gumba kwenye kundi la WhatsApp sivihesabu kabisa. Aliyebonyeza amesema ameona, hajasema atakuja, na mwaliko unaotumwa kwa kundi zima kila mmoja hudhani unawahusu wengine.

Sasa upande wa pili, waliosema ndiyo. Weka kumbukumbu za namba tatu kwa kila shughuli: walioalikwa, waliothibitisha, waliofika. Chukulia warsha iliyopita ya mwandaaji huyu walithibitisha 34. Kati yao wakafika 27, na wakaongezeka wanne ambao hawakuwa wamejibu. Maana yake, kati ya kila waliothibitisha kumi, wanane hivi walifika. Kwa viti 40 anaweza kupokea uthibitisho hadi 44: wanane kati ya kumi ni kama 35, ongeza wanne wa ghafla, unapata 39. Viti vinne vya akiba viwe karibu, endapo wote 44 watatokea.

Hesabu hii ina mipaka. Usiihamishe kutoka kwa bure kwenda kwa malipo, kwa sababu aliyelipa ana sababu ya kuja. Na warsha moja ni kipimo dhaifu. Zikiwa tatu au nne ndipo unaweza kuitegemea. Pasipo na nafasi ya kuongeza hata kiti kimoja, simamia kwenye 40 na uwe na orodha ya akiba.

Jumatano, 13 Mei, waliothibitisha wapate ujumbe mfupi wa mwisho wenye saa, jengo na chumba, na kuwakumbusha daftari. Umalizie kwa "ukipata dharura, tujulishe leo". Asubuhi inayofuata, karatasi ya mlangoni iwe na majina ya waliothibitisha yakiwa yamechapwa tayari, na ukurasa wa pili mtupu kwa wanaofika bila kujibu. Wakichanganywa kwenye ukurasa mmoja, namba ya tatu haitapatikana tena.