Kadi ipo, kituo kiko Uvinza: dhana kuhusu vijana na kura

Pale Mwanga, Kigoma, kuna kijiwe cha bodaboda ambapo habari za uchaguzi haziishi. Mzee anayeuza kahawa hapo hana simile na vijana: "Nyie kazi yenu simu tu, kwenye foleni ya kura hatuwaoni." Juzi dogo mmoja akavua kava la simu yake, akachomoa kadi ya mpiga kura iliyochakaa pembeni. "Mzee wangu, na hii je? Hii niliipangia foleni tangu asubuhi."

Uchaguzi Mkuu wa Oktoba 2025 kura hakupiga, hilo hakubishi. Nikamwomba anisimulie ilikuwaje.

Dhana: Vijana hawapigi kura kwa sababu hawajali

Kwamba wanapiga kidogo kuliko wakubwa wao, ni kweli. Danielle Resnick na Daniela Casale walichambua mahojiano ya Afrobarometer, mtandao wa watafiti wanaokusanya maoni ya wananchi, kutoka nchi 19 za Afrika na kutoa ripoti mwaka 2011: vijana wanapiga kura kidogo kuliko wazee, na hawajifungi sana na vyama. Ulaya na Marekani ni hivyohivyo. Ubishi uko kwenye sababu.

Denmark inasaidia hapa, kwa kuwa kumbukumbu za serikali huko zinaonyesha nani alifika kituoni na ana umri gani, bila kuonyesha alimchagua nani. Watafiti walipozichambua walikuta jambo la ajabu kidogo: wenye miaka 18 walijitokeza kuliko wenye miaka 20 na 21. Mstari unashuka kwanza, ndipo unaanza kupanda taratibu kadiri umri unavyosogea. Kama shida ingekuwa kutojali, mtoto wa jana angemzidije kaka yake? Sababu kubwa ni nyumba. Wa miaka 18 bado anaishi na wazazi, asubuhi wanatoka pamoja kwenda kituoni. Wa miaka 21 ameshahama, kapanga chumba mahali asipojulikana, na hakuna wa kumgongea mlango.

Sasa turudi kwa dogo wetu. Kwao ni Uvinza. Julai 2024, uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura ulipozinduliwa hapa Kigoma, alikuwa ametimiza miaka 18, akajiandikisha kijijini kwao. Septemba 2025 akapanda treni kwenda Urambo, Tabora, kufanya kibarua kwenye tumbaku. Wanaoijua tumbaku wanaelewa kalenda yake: Septemba na Oktoba ni vitalu na matuta, mvua zikishika mnamo Novemba miche inahamishiwa shambani, na hesabu ya kibarua mara nyingi hufungwa mwisho wa msimu, mzigo ukishauzwa. Uchaguzi Mkuu wetu nao huwa Oktoba.

Tarehe 29 Oktoba ilimkuta na jembe mkononi Urambo, jina lake likiwa limebandikwa kituoni Uvinza. Sheria inamtaka mtu apige kura pale alipoandikishwa, na kituo hufunguliwa saa 1 asubuhi, hufungwa saa 10 jioni. Treni haipiti kila siku. Kwa hiyo kura yake ingemgharimu nauli ya kwenda na kurudi, siku tatu au nne za kazi, pamoja na maelezo kwa bosi ambaye bado hajamlipa.

"Si ungehamisha taarifa?" mzee akamuuliza. Swali la haki. Sheria inaitaka Tume ya Uchaguzi iboreshe Daftari mara mbili kati ya uchaguzi mkuu mmoja na mwingine. Awamu ya pili kwa mikoa ya huku ilikuja Mei 2025, kwa siku saba. Mei dogo alikuwa kwao Uvinza, na hakujua kwamba Septemba atakuwa Urambo. Angehamisha nini?

Baba yake yuko Uvinza palepale miaka yote. Kituo kiko shule ya msingi ya jirani, anatembea kwa miguu, anapiga kura, anarudi kula. Watafiti wa Marekani, ambako nako ukihama inabidi ujiandikishe upya, wameonyesha kwamba sehemu kubwa ya pengo la umri katika kujiandikisha inatokana na hilo: kijana anahamahama, na kila akihama anaanza moja.

Wavuvi wa dagaa ziwani wana kalenda yao pia, ya giza la mwezi. Uchaguzi wa 2015 uliangukia siku mbili kabla ya mwezi mpevu, wakati taa za karabai hazivuti dagaa vizuri na watu wengi wako nchi kavu. Ilikuwa bahati tu, hakuna aliyeipanga.

Dhana: Ukishakuwa na kadi, umemaliza

Hili liliwachanganya wengi mwaka 2024. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba ulikuwa na orodha yake, iliyoandikishwa tarehe 11 hadi 20 Oktoba kwa kuangalia mtu anakaa wapi. Waliotoka kujiandikisha kwenye Daftari miezi mitatu kabla walidhani kadi inatosha. Haikutosha.

Dhana: Waache, wataanza wakikua

Baadhi wataanza, ndiyo. Lakini kura inashika kama mazoea. Mwaka 1998 watafiti walifanya jaribio katika mji wa New Haven, Marekani: baadhi ya wapiga kura, waliochaguliwa kwa bahati nasibu, walitembelewa au kuandikiwa barua za kuwahimiza. Walijitokeza zaidi ya wenzao. Mwaka uliofuata kulikuwa na uchaguzi wa mji, na walewale wakajitokeza tena zaidi. Kitu pekee kilichowatofautisha na wenzao ni kile kisukumo cha mwaka uliopita.

Mtafiti Eric Plutzer alionyesha mwaka 2002 upande wa pili wa jambo hilo: asiyepiga kura mara ya kwanza huelekea kubaki hivyo, na kuvuka kwake kunachukua muda. Kwa kijana wa Uvinza, maana yake ni kwamba kilichopotea Urambo kinaweza kuwa zaidi ya kura moja.

Dhana: Basi wote wamekwama, hakuna aliyegoma

Hapa nawageukia wanaowatetea vijana kupita kiasi, nikiwemo mimi. Wapo wanaobaki nyumbani kwa makusudi, kwa kuwa hawaamini kura itabadili kitu au mtu waliyemtaka hayumo kwenye karatasi. Resnick na Casale hawakukuta kwamba vijana wa Afrika wanaandamana kuliko wakubwa wao, kwa hiyo dhana kwamba asiyepiga kura lazima yuko barabarani haina mashiko katika takwimu zile. Lakini ni za miaka hiyo, na Oktoba 2025 kwetu ilikuwa na mambo yake: maandamano, vifo, intaneti kuzimwa, na waangalizi wa SADC na Umoja wa Afrika kuukosoa uchaguzi. Asilimia 87 iliyotangazwa kuwa ndiyo waliojitokeza siitumii kujengea hoja yoyote hapa.

Hata ingetumika, isingetuambia umri. Matokeo yetu hutangazwa kwa jimbo na mgombea, si kwa miaka ya mpiga kura. Ndiyo maana watafiti wa Afrika huegemea mahojiano: "Ulipiga kura uchaguzi uliopita?" Na mtu akiulizwa hivyo mbele ya mgeni mwenye kalamu, wako wasiopiga watakaosema walipiga. Kwa hiyo ukisikia mtu anakutajia asilimia kamili ya vijana wa Kigoma au Tabora waliopiga kura, muulize kwanza amewahesabuje.

Dogo amerudi, sasa anaendesha bodaboda na kapanga chumba Mwanga. Kadi kairudisha ndani ya kava. Bado inasema Uvinza.