"Wataruka tu": kuhusu dakika unazoogopa kuziandika chini ya mahojiano

Ujumbe uliingia Ijumaa usiku, kompyuta nimeshaizima: "Kaka, hizo dakika dakika ulizoweka chini ya video zitoe. Watu wataruka, hawataangalia yote." Mwaka huu ni mteja wa tatu kuniandikia maneno hayohayo, nusura nidhani wameambizana. Nimemjibu kwa upole. Kwenye blogu yangu sina wajibu wa upole.

Watu wanaruka tayari, ndugu yangu. Panda daladala hapa Dodoma, umwangalie jirani yako anavyofungua mahojiano ya dakika 47. Anasikiliza nusu dakika, anaburuza kidole mpaka katikati, anaangukia kwenye sentensi isiyo na kichwa wala miguu, anaburuza tena, anafunga. Orodha ya muda haikumfundisha kuruka. Inampa tu mahali pa kutua. Tatizo ni kwamba orodha nyingi ninazoletewa hazimpi hata hapo pa kutua, kwa hiyo mteja akisema hazisaidii, kwa orodha yake yeye anasema kweli.

Sheria za YouTube nazipitia haraka kwa sababu ni chache. Alama ya kwanza iwe 0:00. Ziwe angalau tatu, zipangwe kuanzia ndogo kwenda kubwa, na kila sura, yaani kipande kati ya alama moja na inayofuata, isipungue sekunde 10. Ukikosea mojawapo, namba zinaweza kubaki za bluu na kubonyezeka lakini mstari wa chini ya video haukatiki vipande, na hivyo ndivyo unavyojua umekosea: pandisha, fungua kwa simu, angalia mstari. Kosa ninalolikuta zaidi ni orodha inayoanza na 0:15 kwa sababu "mwanzo ni muziki tu". La pili ni kuandika 12.24 badala ya 12:24. Kuhusu tagi sitapoteza muda: YouTube wenyewe wanasema mchango wake ni mdogo, na kazi yake hasa ni kuokoa maneno ambayo watu hukosea kuyaandika. Na ukibandika majina ya wasanii kwenye mahojiano ya mkulima, huo ni udanganyifu unaoweza kufanya video iondolewe.

Sasa tuingie kwenye mahojiano yenyewe. Mgeni ni mama mmoja wa Hombolo, mkulima wa zabibu, na tulirekodi chumbani kwangu Nkuhungu, dirisha limezibwa kwa godoro kwa sababu ya upepo wa Julai. Mteja aliniletea orodha hii:

```
0:00 Utangulizi
1:30 Historia ya mgeni
11:45 Swali la pili
30:00 Changamoto
45:10 Neno la mwisho
```

Isome ukijifanya hujui mgeni ni nani. Unaweza kuibandika chini ya mahojiano ya mchungaji, ya mwanamasumbwi, ya mbunge, na hakuna atakayeshtuka. Tena ile 30:00 inanitia shaka. Hakuna mtu anayeanza kuongelea changamoto dakika ya thelathini kamili, sekunde sifuri. Aliyeandika hakusikiliza, alikadiria.

Mimi nilisikiliza mara mbili, ya pili nikiwa na karatasi, nikaandika mada pale mgeni alipobadilisha mazungumzo, si pale mtangazaji alipobadilisha swali. Hiyo ndiyo tofauti yenyewe. Mtangazaji aliuliza "changamoto", lakini yule mama alijibu kwa kuzungumzia jambo moja tu: mnunuzi. Aliyeko Mpunguzi au Mpwapwa na kreti zake hatafuti neno "changamoto". Anatafuta soko la zabibu.

```
0:00 Mavuno mawili kwa mwaka, pesa iko wapi?
3:42 Shamba alilorithi Hombolo
12:24 Aling'oa zabibu za mezani, akapanda Makutupora Red za mvinyo
19:05 Maji ya kiangazi, pampu na deni
31:18 Mjue mnunuzi kabla hujavuna
41:50 Kijana anayetaka kuanza na ekari moja
```

Angalia ile 12:24. Mtangazaji alianza kuuliza saa ikisoma 11:45, akazunguka, akasimulia safari yake ya shambani, akacheka mwenyewe, na swali halisi likatoka 12:24: "Kwa nini uling'oa?" Jibu lilianza 12:31. Ukiweka 11:45, anayebonyeza anasubiri jibu sekunde 46 na wewe umeshamwahidi kung'oa. Ukiweka 12:31, anasikia "Kwa sababu zile zilikuwa hazisafiri," na hajui zile ni zipi. Mimi naweka kwenye sentensi ya mwisho ya swali. Kama swali ni refu na halina mkia unaoeleweka, narudi nyuma sekunde mbili au tatu kabla ya jibu. Hakuna kitabu kilichonifundisha hili. Nilijifunza kwa kubonyeza alama zangu mwenyewe na kuudhika.

Na tafadhali, namba za mwisho zichukuliwe kwenye faili lililokwisha kurendiwa, si kwenye taimulaini ya programu ya kuhariri. Kwenye mahojiano haya, baada ya mimi kuandika kila kitu, mteja alitaka kionjo cha sekunde 20 kiwekwe mwanzoni. Alama zote zikasogea sekunde 20. Hilo ni rahisi, unajumlisha tu. Baadaye akataka tukate simu iliyoita kwenye dakika ya 27, na hapo alama za kabla ya simu zikabaki zilivyo, za baada ya simu zikarudi nyuma. Jumla moja haitoshi tena. Kuna kijana aliyekuwa akinisaidia ambaye alinakili namba moja kwa moja kutoka programu ya kuhariri, na taimulaini yetu huanzia 01:00:00:00, kwa hiyo video ya dakika 47 ikawa na sura inayoanza saa moja na dakika kumi na mbili. Nilicheka, halafu nikakumbuka kwamba mimi ndiye sikumwambia. Toleo la sauti la podikasti nalo likiwa na intro yake au tangazo, lina namba zake. Usinakili.

Haya. Tufike panaponiuma: nukuu.

Saa ikisoma 31:40 yule mama alisema hivi: "Zabibu inalipa kama mnunuzi unamjua kabla hujavuna. Ukivuna kwanza ndipo umtafute, zitakuozea kwenye kreti." Sentensi mbili, safi, zimenyooka, mtu hahitaji kuzigusa. Mteja akanirudishia picha ya juu ya video imeandikwa kwa herufi za njano: "ZABIBU INALIPA!" Ndani ya alama za kunukuu. Na jina la mama chini yake.

Nilimpigia. Akasema, "Lakini si amesema?" Amesema, ndiyo, na maneno mawili ni yake kweli. Lakini alichokisema kina "kama" katikati, na ile "kama" ndiyo mzigo wote. Ukiikata, umemfanya mwanamke aliyekuja kuonya watu awe mpiga debe wa kilimo cha zabibu. Kijana atakopa, atapanda, na atamtaja yeye. Kwa Kiswahili ni rahisi mno kufanya hivi kwa sababu sharti letu mara nyingi linakuja baada ya habari: inalipa kama, nilifaulu ila, wanatusaidia lakini. Mkasi unapenda kupita hapohapo. Siku hizi kabla ya kuchagua nukuu natafuta maneno hayo kwenye maandishi ya mahojiano, pamoja na "labda" na "sina hakika", na likiwa jirani ya nukuu naingia nalo au naiacha nukuu yote.

Kama nafasi ni ndogo, fupisha kwa maneno yako na uondoe alama za kunukuu. "Mkulima wa Hombolo: mjue mnunuzi kabla hujavuna" inatosha kwenye picha. Hiyo ni habari kumhusu, si mdomo wake. Watu wanadhani alama za kunukuu ni urembo wa kuonyesha msisitizo. Hapana! Ni kiapo kwamba nikibonyeza dakika uliyoiandika nitayasikia maneno hayo, kwa mpangilio huo. Ndiyo maana kila nukuu ninayoiweka kwenye maelezo ina muda wake pembeni, hata kama iko katikati ya sura. Mwenye shaka abonyeze.

Jambo jingine linalofanya nisichague nukuu kabla ya kufika mwisho: wageni hujisahihisha. Mama alisema dakika ya nne kwamba ana ekari mbili. Dakika ya ishirini, akiongelea maji, akasema, "Zile mbili nilizosema, ukweli inayozaa ni moja na nusu, nusu ilikauka." Angechukua ya kwanza mtu mwenye haraka, angekuwa amemnukuu neno kwa neno na bado amesema uongo. Ndiyo sababu sikuandika idadi ya ekari kwenye 3:42.

Kuna mahali sijatulia. Ninaondoa "yaani" na "eeh" kwenye nukuu, na sentensi ikianza mara mbili naacha ule mwanzo uliokamilika. Lakini mama alifungua kwa salamu ya "mbukwenyi" na katikati akachomeka Kigogo mara kadhaa, na mteja alitaka vyote vigeuzwe Kiswahili sanifu. Nilikataa, halafu nikabaki najiuliza kama "yaani" ninayoitupa si sehemu ya sauti yake vilevile. Sina mpaka ninaoweza kuutetea mbele ya mtu mkali.

Na hofu ya yule mteja wa ujumbe wa Ijumaa, niseme ukweli, si ya kijinga kabisa. Kwenye baadhi ya video zangu zenye sura, wastani wa dakika anazotazama mtu mmoja umeshuka. Huenda waliofuata swali moja wamelipata na kuondoka, huenda mada ilikuwa baridi. Takwimu za chaneli hazinitenganishii. Nisichojua pia ni kama kichwa cha sura kitoe jibu au kilifiche. "Mjue mnunuzi kabla hujavuna" kinatoa jibu, na kuna atakayekisoma akaridhika bila kubonyeza. Nimekiacha.

Jumapili yule mama alinipigia. Hakutaka video nzima; alitaka wenzake kwenye kikundi waone "pale tu ninaposema habari ya kreti". 31:18 ni sekunde 1878, nikamtumia kiungo kifupi cha youtu.be chenye mwisho huu:

```
?t=1878
```

Baada ya nusu saa akapiga tena. Wamesikia wote, wamefurahi, ila wanauliza yule anayekohoa kabla hajaanza kuongea ni nani. Ni mimi. Nimesogeza alama hadi 31:20.