Je wajua: mtu anakimbia lakini Mjerumani anatumia dativi

"Tumefundishwa kukiwa na mwendo ni akuzativi, kitu kikiwa kimetulia ni dativi. Sasa mbona Ich laufe im Park ni dativi na mtu anakimbia kabisa?"

Hiyo sheria wameifupisha mno. Kinachoangaliwa ni kama huo mwendo unakufikisha mahali ambapo mwanzo hukuwepo.

Chukua ya kwetu, "Juma anakimbia uwanjani". Hapo hujui kama Juma anatoka nje kuingia uwanjani au yuko ndani tayari anapiga raundi, maana hiyo -ni inabeba yote mawili, na tukitaka kunyoosha tunageuza kitenzi, tunasema anakimbilia uwanjani. Mjerumani kitenzi anakiacha vilevile, anageuza artiko. Er läuft in den Park, alikuwa nje sasa anaingia, akuzativi. Er läuft im Park, yaani in dem, yumo humohumo anazunguka, dativi, hata akimbie mpaka jasho limtoke.

Wao wana wohin na wo, sisi kote tunauliza "wapi" (unaenda wapi, uko wapi), ndo maana kuuliza swali kwa Kiswahili kichwani hakukusaidii. Bora ujiulize: kabla ya hili tendo alikuwa hapo au hakuwepo?

Tujaribu na daladala. Iko Morogoro Road inaelekea Kimara, spidi ya kutosha: Der Bus fährt auf der Straße. Dativi, coz barabarani ndo ilipo muda wote. Ila ikiwa imeingia sheli kujaza mafuta halafu ndo inatoka kurudi barabarani, hapo ni Der Bus fährt auf die Straße. Na angalia usichanganyikiwe na hiyo der, Straße ni ya kike, die yake ikiingia dativi inakuwa der, wengi wanaiona wanadhani ni ya kiume.

Haya yote ni kwa vihusishi 9 tu: an, auf, hinter, in, neben, über, unter, vor, zwischen. Ukisema Ich gehe zum Markt unaenda kweli sokoni lakini zu siku zote inataka dativi, haijali unaenda wala umekaa.

Halafu kuna vitenzi vimeoana na kihusishi chake na vinaamua vyenyewe, hapo usitafute mwendo. Warten ndo mfano ninaoupenda. Umesimama kituoni Ubungo nusu saa hujasogea hata hatua, bado unasema Ich warte auf den Bus, akuzativi, kwa sababu warten auf kwa maana ya kusubiri kitu inaenda na akuzativi. Ukiteleza ukasema auf dem Bus, Mjerumani ataelewa uko juu ya paa la basi unasubiri.