Je, wajua? Duka likibadilisha jina, arbuni yako iko kwa nani

"Nimeweka arbuni ya friji kwenye duka moja hapa Mwembe Tayari. Juzi nimepita, nimekuta bango jipya, jina jipya, nembo mpya. Risiti yangu ina jina la zamani. Je, friji yangu bado ipo?"

Chukua risiti yako ya zamani, omba uonyeshwe risiti mpya ya duka hilo, uziweke pamoja kwenye meza. Acha nembo, acha jina, tafuta PIN ya KRA ya muuzaji. PIN zikiwa sawa, aliyepokea pesa yako ndiye huyo huyo aliye dukani leo, na friji yako anadaiwa yeye. PIN zikitofautiana, kuna jambo la kuuliza kabla hujaongeza hata shilingi moja.

Wengi hudhani kwamba jina ndilo kampuni, kwa hiyo jina likifutwa, kampuni nayo imefutika pamoja na madeni yake. Hata baadhi ya wafanyabiashara huamini hivyo, ndipo unasikia mhudumu akimwambia mteja, "Hayo yalikuwa ya wale wa zamani." Si kweli. Kisheria kampuni ni mtu, na jina ni la kumwitia tu. Mwanaisha akijifungua, mtaa mzima huanza kumwita Mama Omari. Kama alikuwa anadaiwa shilingi 500 na muuza maziwa, muuza maziwa atamdai Mama Omari na atalipwa, kwa sababu aliyekunywa maziwa ni mtu mmoja. Vivyo hivyo, kama yeye ndiye aliyekuwa akimdai jirani, jirani hawezi kukataa kulipa kwa kuwa aliahidiana na Mwanaisha.

Kampuni nayo ina kitambulisho chake, yaani namba ya usajili iliyopewa siku ilipoandikishwa. Chini ya Sheria ya Kampuni ya Kenya ya 2015, wenye hisa hupitisha azimio maalumu, ambalo linahitaji angalau asilimia 75 ya kura, kisha msajili hutoa cheti cha kubadilisha jina. Jina jipya linaanza kazi tarehe iliyo kwenye cheti hicho, hata kama bango lilipandishwa wiki mbili kabla. Namba ya usajili na PIN havibadiliki. Haki na wajibu wa kampuni havibadiliki. Hata kesi iliyofunguliwa kwa jina la zamani huendelea.

Nembo iko mbali zaidi na jambo hili. Kwenye daftari la kampuni hakuna nembo kabisa, kwa hiyo kuibadilisha hakugusi chochote katika usajili huo. Mfano tunao nyumbani. Mwaka 1908 ilianzishwa Mombasa Electric Power and Lighting Company kuleta umeme kisiwani. Mwaka 1922 shughuli zake ziliunganishwa na zile za Nairobi chini ya East African Power and Lighting Company. Huo ulikuwa muungano, si kubadilisha jina. Mwaka 1983 kampuni ikaitwa Kenya Power and Lighting Company. Hapo jina lenyewe la usajili lilibadilika. Kisha 2011 ikaja rangi mpya, nembo mpya na jina fupi la Kenya Power, lakini jina la usajili likabaki lile lile, na ndiyo maana mpaka leo mwenye kununua tokeni bado anakutana na herufi KPLC. Kwa jicho la mpita njia, mara zote tatu jina limebadilika tu. Kwa mwenye kudai au kudaiwa, ni mambo matatu mbalimbali.

Mahali ambapo mteja huumia ni pengine, na inashangaza kwamba tangazo lake huwa ni lile lile: "Tumebadilisha jina tu, mengine yote ni kama zamani." Duka dogo huanza kama jina la biashara la mtu mmoja. Jina la biashara si mtu kisheria. Mtu ni mwenyewe, na risiti hubeba PIN yake binafsi, inayoanza na herufi A. Duka likikua, mwenyewe huandikisha kampuni ya Limitedi, na PIN ya kampuni huanza na herufi P. Ukuta ni ule ule, wahudumu ni wale wale, hata mwenye duka ameketi pale pale. Lakini amezaliwa mtu mpya, na mtu mpya harithi madeni ya mwingine kwa kuhamia tu nyumbani kwake.

Tuchukue friji yenyewe. Bei ni shilingi 46,000, umeweka arbuni 20,000, zimebaki 26,000, na umeahidiwa waranti ya miezi 12. Risiti ya arbuni ina PIN ya A. Ukimalizia zile 26,000 leo, utapewa risiti yenye PIN ya P. Sasa una nusu ya mapatano kwa mwenye duka na nusu kwa kampuni yake. Friji ikiharibika mwezi wa saba wa waranti, kampuni inaweza kusema haikupokea 20,000, na mwenyewe akasema hakukuuzia friji. Mara nyingi hakuna nia mbaya, ni uzembe wa karatasi, lakini anayezungushwa ni wewe. Dawa yake ni sentensi moja kwenye risiti mpya, yenye muhuri wa kampuni: "Tumepokea 26,000, arbuni ya 20,000 iliyolipwa kwa jina la zamani imehesabiwa, na waranti ni yetu." Hapo kampuni imejifunga yenyewe.

Kama risiti hazina PIN, omba namba ya usajili. Kwa kampuni, hati iitwayo CR12, inayoombwa kupitia eCitizen kwa ada, huonyesha wakurugenzi na wenye hisa wa sasa.

Basi tangazo la jina jipya linalomtuliza mteja kweli halihitaji maneno mengi kuhusu maana ya rangi. Linahitaji jina jipya likifuatwa na "zamani ikiitwa" na jina la awali, namba ya usajili, tarehe ya cheti, na kauli kuhusu arbuni, vocha na waranti zilizotolewa kabla ya tarehe hiyo. Ikiwa ni kampuni mpya iliyochukua duka la mtu, liseme hivyo waziwazi na litaje kwamba kampuni imebeba madeni ya duka. Kisha libaki kwenye kaunta na kwenye risiti kwa miezi kadhaa, kwa sababu mteja wa mdogo mdogo haji kila wiki.

Limebaki la malipo. Jina linaloonekana kwenye ujumbe wa Lipa na M-Pesa halibadiliki lenyewe. Mwenye duka lazima apeleke cheti kipya na kuomba. Kwa siku kadhaa bango litasema hivi na simu itasema vile. Wateja wengi hapo huhisi utapeli, ilhali namba ya tili ni ile ile waliyolipia mwaka mzima, na jina la zamani kwenye simu ni dalili kwamba pesa imekwenda kule kule. La kutia shaka ni kinyume chake: umetumiwa ujumbe kwamba duka lina jina jipya na kwa hiyo ulipie kwenye namba mpya. Kubadilisha jina peke yake hakulazimishi namba kubadilika. Nenda dukani, uisome namba iliyobandikwa kaunta, ndipo ulipe.