Je, kodi ya nyumba ni pesa ya kutupa?

“Kodi ni pesa ya kutupa, bora ununue.”

Si lazima. Tuseme fleti ya Nairobi inauzwa shilingi milioni 10 na kupangishwa 45,000 kwa mwezi. Ushuru wa stempu, asilimia 4, unafikisha bei milioni 10.4, wakili bado. Mnunuzi anaokoa kodi ya 540,000 kwa mwaka, lakini ukarabati na ada ya huduma vikimeza 120,000, anabakiwa na 420,000. Kama pesa zake zingezaa asilimia 12 kwingineko, na akiba hiyo ikikua asilimia 5 kila mwaka, toa 5 kwenye 12, inabaki 7, kisha gawanya 420,000 kwa 0.07: thamani ya akiba yote hiyo leo ni milioni 6 tu. Hapo kupanga kunashinda. Ikikua asilimia 8 daima, unagawanya kwa 0.04 na thamani inafika milioni 10.5, na kununua kunalipa kwa shida, tena kabla ya kumlipa wakili. Madalali hupenda sana hiyo 8.