Flaiwili nzito ndo inatunza nishati nyingi? Sio kihivyo

Dhana inayosikika sana ni kwamba uzito wote upeleke pembeni kwenye rimu, katikati uache tupu, ndo flaiwili, yaani gurudumu linalotunza nishati kwa kuzunguka, itunze nishati nyingi. Ni kweli nusu tu. Fomula ni E = ½Iω², E ikiwa nishati, ω spidi ya kuzunguka na I ugumu wa kuizungusha, ambao unategemea uzito m na nusu kipenyo r: pete nyembamba ina I = mr², diski iliyojaa ina I = ½mr², kwa hiyo zikiwa na uzito sawa, kipenyo sawa na zinazunguka sawa, pete inabeba mara mbili ya diski. Wengi wanaishia hapo.

Sasa, spidi ina mwisho wake. Kila kipande cha pete kinataka kuchomoka kiende zake, kinachokishikilia ni chuma cha jirani tu, na mkazo wake ni σ = ρv², ρ ikiwa uzito kwa kila mita ya ujazo na v spidi ya ukingo. Chukua chuma cha kilo 7800 kwa mita ya ujazo, tuseme mkazo usivuke megapaskali 600, pete inagota kwenye mita 277 hivi kwa sekunde. Diski iliyojaa je? Chuma cha katikati kinasaidia kushikilia cha nje, mkazo mkubwa kabisa unakuwa kama 0.41ρv², basi inafika mita 432. Kwa kilo 100, pete inatunza megajuli 3.8 na diski 4.7. Kumbe diski imeshinda!

Lakini itoboe tundu dogo tu katikati upitishe shafti uone. Watu wanadhani umepunguza gramu chache, kumbe mkazo pembeni mwa tundu unakuwa mara mbili, spidi inabidi ishuke hadi mita 305 na nishati inabaki megajuli 2.3, nusu nzima imeondoka kwa sababu ya tundu. Ndo maana kuna diski zinazofuliwa zikiwa kitu kimoja na shafti yake.

Na ile ya kwamba ukipanua kipenyo unapata zaidi? Kwa uzito uleule, hapana. Pete ya nusu kipenyo sentimita 30 inagota kwenye mizunguko 8800 kwa dakika, ya sentimita 60 kwenye 4400, ila ukingo unakimbia sawa na nishati ni ileile. Unachopata ni beringi kuzunguka polepole.

Kuhusu materiali nzito, angalia σ/ρ, sio ρ peke yake. Pete ya nyuzi za kaboni, kilo 1600 kwa mita ya ujazo, ukiipa megapaskali 1000 inafika mita 790 kwa sekunde, yaani kilojuli 312 kwa kila kilo wakati ile ya chuma ni 38 tu. Kasoro yake ni kwamba nyuzi zinavuta kuzunguka pete, ila kutoka ndani kwenda nje kinachoshika ni gundi tu, kwa hiyo ukiifanya nene sana inaachana matabaka kabla nyuzi zenyewe hazijachoka, balansi inaharibika na mtetemo unaanza kupanda kwenye sensa. Ndo maana mafundi wanapachika pete nyembamba kadhaa, moja ndani ya nyingine, kwa kubana.