Wafuasi 10,000 kwa bei ya dera moja

Wiki iliyopita dada mmoja anayeuza madera Kariakoo alinitumia tangazo aliloletewa WhatsApp: wafuasi 10,000 wa Instagram kwa shilingi 30,000. "Nichukue?" Namuelewa. Duka la jirani lina wafuasi elfu thelathini, lake halijafika hata elfu tatu.

Nikamsimulia ya mteja wangu mwingine, muuza viatu. Alikuwa na wafuasi 2,500, na posti yake ikipata laiki kama 120, huku chini watu wakiuliza bei na duka lilipo. Akanunua 10,000. Miezi miwili baadaye laiki zilikuwa 70, na wa kuuliza bei wamepungua.

Posti haiwafikii wafuasi wako wote. Instagram hukisia nani ataijali, kwa kuangalia mambo kama laiki, komenti na kutumiana. Sasa kwa huyu kaka, kati ya kila wafuasi watano, wanne ni akaunti za kutengenezwa. Haziulizi saizi, wala hazimtumii shoga picha ya kiatu. Posti ikipita mbele yao bila kuguswa huonekana haina mvuto, na hata wateja wa kweli huanza kutoiona.

Lakini kilichomuuma zaidi ni tangazo la kulipia. Alipochagua walengwa wa Automatic, Instagram ilimtafutia watu wanaofanana na wafuasi wake. Wafuasi gani? Hao hao hewa. Shilingi 50,000 zikaleta meseji tatu. Tulirudia picha ile ile kwa pesa ile ile, safari hii tukachagua wenyewe Dar es Salaam, umri, na wapenzi wa viatu. Zikaja 19. Jaribio moja si ushahidi kamili, ila sijashangaa.

Ukitaka kujua kama akaunti imechafuka, fungua Insights utazame miji ya wafuasi. Duka liko Kariakoo na miji inayoongoza iko nchi ambazo hujawahi kutuma hata soksi? Jibu unalo. Vifurushi vya komenti ndiyo aibu kabisa: "Nice pic bro" chini ya picha ya dera, na mteja anasoma.

Muuzaji atakuahidi kwamba wakipungua atakujazia. Hebu jiulize kwa nini bidhaa inauzwa ikiwa na ahadi ya kupotea. Tangu Novemba 2018 Instagram ilitangaza kwamba inaondoa laiki na wafuasi wa namna hii, kwa hiyo anajua watapungua. Na akikuomba neno la siri la akaunti, hapo ufunge mazungumzo.

Kuwaondoa inawezekana: unafungua orodha ya wafuasi na kubonyeza Remove, mmoja mmoja. Yule kaka anaifanya kazi hiyo jioni akishafunga duka, akisaidiwa na mdogo wake. Mara ya mwisho kumuuliza, walikuwa wamebaki kama elfu saba.